Umefuta, Lakini Diski Bado Inajaa

Skripti inaamka saa nane usiku, inafuta rekodi za zamani kwa mamia ya maelfu, kisha inalala. Asubuhi fundi anaingia kwenye seva akitarajia kukuta nafasi imepatikana, anakuta diski imejaa kuliko jana. Bosi wake anauliza swali la haki kabisa: "Si tunafuta kila siku? Sasa hii mizigo inatoka wapi?" Mara nyingi jibu linakuwa kununua diski kubwa zaidi, na baada ya miezi michache mazungumzo yanarudi palepale.

Hifadhidata ninayoizungumzia ni PostgreSQL, programu huria ambayo mifumo mingi ya biashara na ya ofisi imejengwa juu yake. Taarifa zake hukaa kwenye majedwali, na kila jedwali ni faili kwenye diski, au mafaili kadhaa likiwa kubwa. Faili hilo limegawanywa katika kurasa za baiti 8192 kila moja. Rekodi mpya ikiingia, inatafutiwa ukurasa wenye nafasi. Pasipo na ukurasa wa namna hiyo, faili linarefushwa.

Tatizo linaanzia kwenye maana ya kufuta. Ukiiamuru PostgreSQL ifute rekodi kwa DELETE, haiiondoi rekodi ile. Inachofanya ni kuandika kwenye kichwa cha rekodi namba ya muamala ulioifuta, kisha inaiacha ilipo, na baiti zake zote. Sababu yake ni nzuri. Tuseme mhasibu ameanza kujumlisha mauzo ya mwezi, kazi ya dakika kumi, na katikati ya kazi hiyo mtu mwingine anafuta baadhi ya mauzo hayo. Mhasibu anatakiwa aone hesabu jinsi ilivyokuwa alipoanza, bila kumzuia anayefuta na bila yeye mwenyewe kuzuiwa. Kwa hiyo rekodi iliyofutwa inabaki kwa ajili ya macho yake, huku wanaokuja baadaye wakiiruka kana kwamba haipo. UPDATE nayo iko hivyohivyo: toleo jipya la rekodi linaandikwa pembeni na la zamani linaachwa nyuma. Jedwali linaloongezewa na kubadilishwa kila saa linajikusanyia matoleo ya zamani hata kama hakuna anayefuta chochote.

Tabia hii haikuja kwa bahati mbaya. Mradi wa POSTGRES ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na tangu mwanzo ulikusudia kutoandika kitu kipya juu ya cha zamani. Ndoto ilikuwa kwamba mtu aweze kuiuliza hifadhidata ilivyokuwa wiki iliyopita au mwaka jana, na kazi ya msafishaji ikawa kuyahamishia matoleo ya zamani kwenye hifadhi nyingine. Uwezo huo wa kurudi nyuma uliondolewa katika toleo la 6.2. Mabaki ya zamani yakabaki, na msafishaji naye akabaki na jina lake: VACUUM.

Kazi ya VACUUM ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Wengi wanadhani inaminya faili na kuurudishia mfumo nafasi. La hasha. Inapita kwenye kurasa, inatafuta rekodi mfu ambazo hakuna muamala wowote unaoweza kuzihitaji tena, inazifuta kwenye faharasa na kwenye kurasa zenyewe, kisha inaandika katika ramani ndogo kwamba ukurasa fulani sasa una nafasi. Ni kama mhudumu wa nyumba ya wageni: mgeni akiondoka anasafisha chumba ili mwingine aingie, lakini habomoi chumba.

Jambo hili unaweza kulijaribu mwenyewe kwa dakika moja kwenye hifadhidata ya majaribio:

```
CREATE TABLE jaribio AS
  SELECT generate_series(1, 1000000) AS n;
SELECT pg_size_pretty(pg_relation_size('jaribio'));
DELETE FROM jaribio WHERE n % 2 = 0;
VACUUM jaribio;
```

Baada ya amri ya kwanza, jedwali lina rekodi milioni moja na uzito wa 35 MB. Futa zenye namba shufwa, yaani nusu yake, kisha pima tena: 35 MB. Endesha VACUUM, pima: bado 35 MB. Sasa ingiza rekodi nyingine laki tano. Ukipima, utaona jedwali liko karibu na 35 MB zilezile, kwa sababu wageni wapya wameingia kwenye mashimo yaliyoachwa. Hapo ndipo VACUUM inapolipa.

Jaribio hilo lina upande wa pili. Tengeneza upya jedwali lilelile, lakini safari hii futa kwa sharti la `n > 500000`, kisha endesha VACUUM. Faili linashuka hadi 17 MB. Tofauti ni kwamba rekodi zilizofutwa zote zilikuwa mwishoni mwa faili, zikaacha mkia mtupu, na mkia mtupu VACUUM inaweza kuukata na kuurudishia mfumo. Katika jaribio la kwanza kila ukurasa ulibakiwa na nusu ya rekodi zake, hivyo hakukuwa na cha kukata. Rekodi moja tu iliyo hai kwenye ukurasa wa mwisho kabisa inatosha kuzuia faili zima lisipungue. Na hata mkia ukiwa mtupu, VACUUM inahitaji kulifunga jedwali kwa muda mfupi ili iukate; ikikuta watu wanalitumia mfululizo, inaachana nao.

Kwa hiyo swali la fundi inabidi libadilike kidogo. Diski kutopungua baada ya kufuta ni jambo la kawaida. Kinachotakiwa kumshtua ni diski *kuendelea kukua* wakati kinachoingia na kinachofutwa vinalingana. Jedwali lenye afya linapanda hadi kimo fulani kisha linatulia, maana rekodi mpya zinaingia kwenye nafasi za zile zilizofutwa. Lisipotulia, kuna kitu kinachomzuia msafishaji.

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza tiketi za mabasi mtandaoni. Kila mteja akitafuta safari, mfumo unaandika rekodi moja kwenye jedwali la `matukio`. Zinaingia rekodi milioni moja kwa siku, na kila usiku zinafutwa zile zilizozidi siku 30. Ukurasa mmoja unachukua rekodi 16 hivi, kwa hiyo siku moja inakula karibu nusu gigabaiti, na rekodi milioni 30 zilizo hai zinakaa katika 14 GB.

Lakini tusitegemee kuona 14 GB. Kuna msafishaji anayejiendesha mwenyewe, autovacuum, anayekuwa amewashwa bila mtu kuagiza tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, na yeye haamki kwa kila rekodi mfu. Kwa mipangilio inayokuja na PostgreSQL, anasubiri rekodi mfu zifike 50 kujumlisha asilimia 20 ya rekodi zote za jedwali. Kwa jedwali letu hiyo ni rekodi milioni sita, yaani siku sita za kufuta. Ndani ya siku hizo sita rekodi mpya zinaendelea kuingia na hakuna nafasi iliyosafishwa, hivyo faili linarefuka mpaka kufikia rekodi milioni 36 hivi, sawa na 17 GB. Baada ya hapo linatulia. Gigabaiti hizo tatu za ziada ni gharama ya uendeshaji, na sioni sababu ya kuzigombania.

Sasa tuseme leo ni tarehe 27 Machi 2025, na fundi anakuta jedwali lina 26 GB. Anaangalia rekodi zake za nyuma na kuona kwamba kwa wiki kadhaa lilikaa kwenye 17 GB, kisha likaanza kupanda nusu gigabaiti kila siku. Kasi hiyo tayari inamwambia jambo kubwa: ni sawasawa na kasi ya rekodi zinazoingia. Maana yake hakuna hata nafasi moja inayotumika tena. Kama msafishaji angekuwa mzembe tu, jedwali lingekua kwa kusuasua. Hapa hasafishi kabisa.

Anaanza na takwimu ambazo PostgreSQL inajiwekea yenyewe:

```
SELECT n_live_tup, n_dead_tup, last_autovacuum
FROM pg_stat_user_tables
WHERE relname = 'matukio';
```

Anapata rekodi hai milioni 30 na rekodi mfu milioni 24. Safu ya mwisho inamshangaza: autovacuum ilipita muda si mrefu, leo hiihii. Hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Wanasema msafishaji anapita lakini hana nguvu, wanaanza kumwongezea kumbukumbu na kasi, na hakuna kinachobadilika. Fundi wetu anafanya jambo la busara zaidi: anaiendesha kwa mkono na kuitaka ieleze ilichokiona.

```
VACUUM (VERBOSE) matukio;

tuples: 0 removed, 54020118 remain, 24016540 are dead but not yet removable
removable cutoff: 81230417, which was 24311902 XIDs old when operation ended
```

Mistari hiyo miwili imebeba jibu lote. Wa kwanza unasema VACUUM imezipita rekodi mfu milioni 24 na haikuondoa hata moja, kwa sababu bado haziruhusiwi kuondolewa: kuna muamala mahali fulani ambao kinadharia unaweza kuzihitaji. Wa pili unasema mpaka wa ruhusa umekwama nyuma kwa miamala milioni 24 na zaidi. Kwenye mfumo huu kila rekodi inaingia kwa muamala wake, milioni moja kwa siku. Hesabu ya kichwani inatosha: kizuizi kilianza siku 24 zilizopita.

Kilichobaki ni kumtafuta mwenye nacho.

```
SELECT pid, usename, state, xact_start
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xid IS NOT NULL
   OR backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY xact_start;

 4127 | ripoti | idle in transaction | 2025-03-03 06:00:02
```

Tarehe 3 Machi, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Ni skripti ya ripoti ya wiki. Ilifungua muamala, ikaandika kwenye jedwali lake dogo mstari wa "ripoti imeanza", kisha ikaenda kutuma barua pepe. Seva ya barua haikujibu. Aliyeandika skripti hakuweka kikomo cha kusubiri, na basi, inasubiri hadi leo, mlango wa muamala ukiwa wazi, bila COMMIT wala ROLLBACK. Jumatatu zilizofuata skripti nyingine ziliamka na kumaliza kazi vizuri, kwa hiyo hakuna aliyelalamika kwamba ripoti haijafika.

Angalia kwamba skripti hiyo haijawahi kuligusa jedwali la `matukio`. Haijalishi. PostgreSQL haiwezi kujua muamala ulio wazi utaamua kusoma nini baadaye, hivyo inatunza kila kilichofutwa tangu ulipofunguliwa, katika majedwali yote ya hifadhidata hiyo. Ndiyo maana ukiona jedwali moja limevimba kwa sababu hii, kague na mengine. Yaliyo na shughuli nyingi yatakuwa yamevimba pia.

Si kila muamala uliosinzia una madhara haya. Katika utaratibu wa kawaida, unaoitwa READ COMMITTED, muamala uliosoma tu kisha ukanyamaza hauzuii kitu, kwa kuwa picha yake ya data inaachiliwa kila ombi linapokwisha. Unakuwa kizuizi ukiwa umeandika chochote, kama skripti yetu, au ukiwa katika kiwango cha REPEATABLE READ, au ukiwa umeacha kasa wazi ambayo haijamaliza kusomwa. Ombi lililo juu linazingatia hilo: linawaorodhesha tu wenye namba ya muamala au wenye picha mkononi.

Fundi anaikata skripti:

```
SELECT pg_terminate_backend(4127);
```

Kisha anaendesha VACUUM tena, na safari hii rekodi milioni 24 zinaondoka. Anakimbilia kupima faili: 26 GB. Baada ya maelezo yote haya msomaji hatashangaa. Vyumba vimesafishwa, jengo halijapungua. Ila kuanzia usiku huo faili linaacha kukua, na kwa tatizo la diski hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Kama safu zote za ombi lile zingekuwa safi, zipo sehemu tatu nyingine za kuchungulia. Ya kwanza ni `pg_replication_slots`, ambako seva pacha iliyozimwa na kusahaulika inaweza kuwa imeacha nafasi yake ikishikilia mambo ya zamani. Hiyo ni mbaya mara mbili, kwa sababu inazuia pia kufutwa kwa mafaili ya kumbukumbu za maandishi, na hayo yanaweza kuijaza diski haraka kuliko jedwali lolote. Ya pili ni `pg_prepared_xacts`, yenye miamala iliyoandaliwa kwa awamu mbili na kuachwa njiani. Hiyo haiondoki hata ukizima seva na kuiwasha. Ya tatu ni seva pacha ya kusomea iliyowekewa `hot_standby_feedback`: mtu akiendesha ripoti ndefu huko, msafishaji wa seva kuu naye anamsubiri.

Swali linalobaki ni la zile gigabaiti tisa zilizozidi. Ushauri wangu ni kuziacha, isipokuwa diski iko karibu kufika ukingoni au maombi yanayosoma jedwali zima yamekuwa mazito. Ukiamua kuzirudisha, amri ni VACUUM FULL, na licha ya kufanana jina na ndugu yake, hii ni kazi nyingine kabisa. Inaandika nakala mpya ya jedwali yenye rekodi hai tu, inajenga faharasa upya, kisha inatupa faili la zamani. Muda wote huo jedwali limefungwa, hata kusoma hairuhusiwi. Wateja wa tiketi watakuwa wanatazama ukurasa usiofunguka. Tena inahitaji nafasi ya nakala hiyo mpya kabla ya kuachia ya zamani, katika mfano wetu 14 GB pamoja na za faharasa. Aliyesubiri mpaka diski ikajaa kabisa hana nafasi hiyo, na hapo amri inagoma. Kuna kiongezi kiitwacho `pg_repack` kinachofanya kazi ileile huku jedwali likiendelea kutumika, kikilifunga kwa muda mfupi mwanzoni na mwishoni tu. Nacho kinataka nafasi ya nakala ya pili.

Faharasa nazo huvimba. VACUUM inaondoa humo alama za rekodi mfu, lakini ukurasa wa faharasa unapatikana kwa matumizi mapya ya mahali popote pale tu unapokuwa mtupu kabisa. Faharasa ya tarehe haisumbui sana, maana rekodi za zamani zinaondoka kwa mpangilio na kuacha kurasa tupu. Faharasa ya namba zilizotawanyika ovyo ndiyo inayobaki na kurasa zenye robo ya mzigo. Tangu toleo la 12, dawa yake ni `REINDEX INDEX CONCURRENTLY`, ambayo haiwazuii wanaoandika.

Kwa kampuni yetu ya tiketi, mambo mawili yanatosha kuzuia marudio. La kwanza ni kuweka kikomo ili muamala uliosinzia ukatwe wenyewe, na la pili ni kumwamsha msafishaji mapema zaidi kwenye jedwali hili:

```
ALTER ROLE ripoti
  SET idle_in_transaction_session_timeout = '10min';
ALTER TABLE matukio
  SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);
```

Kwa asilimia 2, autovacuum itapita baada ya rekodi mfu laki sita badala ya milioni sita, na kila safari itakuwa fupi.

Lakini nikiulizwa ukweli, jedwali hili halikupaswa kufutwa kwa DELETE hata siku moja. Data inayoingia kwa tarehe na kuondoka kwa tarehe inafaa igawanywe katika vipande vya siku au vya wiki, jambo ambalo PostgreSQL inaliwezesha kwa amri zake yenyewe tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Kila siku inakuwa jedwali dogo chini ya jedwali kubwa. Siku ikipitwa na wakati, unakiondoa kipande chake kwa DROP TABLE: faili linafutwa kwenye diski muamala ukikamilika, hakuna rekodi mfu hata moja, na VACUUM haina cha kusubiri. Kuhamisha jedwali lililokwisha kujaa kwenda kwenye vipande ni kazi ya usiku mmoja au miwili yenye mipango. Kama mfumo wako bado ni mpya na jedwali la matukio halijafika gigabaiti moja, ifanye wiki hii.